Bei Mbili za Kitenge Kimoja



Tangu msimu wa harusi uanze, swali moja limetufikia mara nyingi sisi wa kamati ya huduma: je, ni haki muuzaji kumtoza anayekopa bei kubwa kuliko anayelipa taslimu? Wanaouliza wako pande zote mbili. Wapo akina mama wetu wanaouza vitenge, nywele na vipodozi, wengine wakiwa na meza au chumba kidogo kule Matonge, Ixelles, wengine wakiuza kwa simu tu. Na wapo wanaonunua, ambao wakisikia bei ya pili hunung'unika kwamba wametozwa riba na mtu wanayeketi naye benchi moja.

Kwanza tuondoe jambo moja linalochanganya. Hapa hatusemi juu ya kulipa kwa noti au kwa kadi ya benki. Hilo sheria ya Ubelgiji imeshalimaliza: tangu Agosti 2018 mwenye biashara haruhusiwi kumwongezea mteja bei kwa sababu ametumia kadi, na tangu tarehe 1 Julai 2022 ni lazima awe na angalau njia moja ya kulipa kielektroniki. Tunalozungumzia ni muda. Mmoja analipa leo, mwingine anachukua kitambaa leo na kulipa baadaye.

Tuchukue mfano. Mama anauza kitenge cha waksi cha yadi sita. Yeye amekinunua kwa yuro 65. Anayelipa papo hapo anakipata kwa yuro 90. Anayekopa analipa yuro 35 kila mwezi kwa miezi mitatu, jumla 105. Tofauti ni yuro 15. Kwa masikio ya wengi hiyo ni kama moja ya sita tu, si kitu cha kugombana.

Lakini tuhesabu vizuri. Mteja hakukopeshwa yuro 90 kwa miezi mitatu mizima. Mwezi wa kwanza anadaiwa 90, na akishalipa awamu ya kwanza deni la kitambaa limebaki kama 60, kisha kama 30. Kwa wastani ameshika yuro 60 za muuzaji kwa miezi mitatu. Kulipa 15 juu ya 60 ni robo nzima kwa robo ya mwaka, yaani kama asilimia 100 kwa mwaka. Kanuni rasmi ya kupiga hesabu hiyo, inayojumlisha riba juu ya riba, inatoa namba kubwa zaidi. Kiwango cha juu kabisa ambacho sheria ya nchi hii imewaruhusu wakopeshaji wa mikopo midogo miaka hii hakijafika hata asilimia 25.

Je, basi mama huyu ni mla riba? Kabla ya kumhukumu, tufungue hizo yuro 15 tuone ndani kuna nini.

Kitu cha kwanza ni gharama ya fedha yenyewe. Tuseme mtaji wake aliukopa kwa asilimia 10 kwa mwaka. Yuro 60 kwa miezi mitatu zinamgharimu yuro 1.50. Ndiyo hiyo tu. Bei halisi ya kusubiri ni ndogo mno kuliko watu wanavyodhani. Kitu cha pili ni wale wasiolipa. Tuseme kati ya vitenge kumi alivyokopesha, kimoja hakilipwi kabisa. Amepoteza yuro 65 alizonunulia, na hasara hiyo ikigawanywa kwa tisa waliobaki ni kama yuro 7 kila mmoja. Tumefika 8.50. Zinazobaki, 6.50, ni nauli ya tramu kwenda kudai, jioni zilizopotea kwenye WhatsApp, na pengine faida tu ya nyongeza.

Hapo ndipo swali la kweli lilipo, na kwa maoni yetu halipo kwenye neno riba. Sehemu kubwa ya tofauti haimlipi muuzaji kwa kusubiri. Inalipia deni la mtu mwingine aliyetoweka. Dada anayelipa awamu zake zote kwa siku yake analipa yuro 7 za mtu asiyemjua, tena yeye ndiye aliyekopa kwa sababu hakuwa na 90 mkononi. Mwenye fedha hachangii hasara hiyo hata senti moja.

Wengine watasema: basi muuzaji aweke bei moja kwa wote, tuseme 95, mambo yaishe. Inasikika kama upendo. Lakini kwa bei hiyo anayelipa taslimu anagharamia mikopo ambayo hakuiomba, na hajaambiwa. Bei mbili zinazosemwa wazi zina uaminifu zaidi kuliko bei moja inayoficha. Tunaona hivyo, ingawa tunajua si wote kanisani watakubaliana nasi.

Swali hili si jipya. Mtakatifu Toma wa Akwino aliliandikia katika karne ya 13. Alisema anayeuza juu ya bei ya haki kwa sababu mnunuzi atalipa baadaye anatoza riba, maana kule kusubiri ni mkopo. Lakini katika jibu hilohilo akaongeza kwamba anayekubali kupunguza bei ya haki ili apate fedha zake mapema hana kosa hilo. Ukisoma haraka utadhani anacheza na maneno: 90 na 105 ni zilezile, uziite nyongeza au punguzo. Sivyo. Anatulazimisha tuulize ipi kati ya hizo mbili ndiyo bei ya haki ya kitenge. Kama wateja wengi wanakinunua kwa 90 na mama anapata faida yake, basi 90 ndiyo bei, na 15 ni nyongeza hata kama ameandika neno punguzo kwenye karatasi.

Nguvu ya neno hilo wafanyabiashara wakubwa waliijua zamani. Mwaka 1980 mchumi Richard Thaler aliandika kwamba makampuni ya kadi za mikopo ya Marekani yalitaka tofauti hiyo iitwe punguzo la anayelipa taslimu, isiitwe nyongeza ya anayetumia kadi. Namba hazibadiliki, ila mtu huumia zaidi anapoongezewa kuliko anapokosa kupunguziwa. Muuzaji wetu akichagua neno kwa sababu hiyo tu, anamtuliza mteja pasipo kumweleza.

Ndugu zetu Waislamu wa pwani, kutoka Lamu hadi Kilwa, wamekulia katika mafundisho tofauti kidogo. Wanazuoni wao wengi wanaruhusu bei ya baadaye iwe juu kuliko ya leo, kwa masharti mawili: muuzaji na mnunuzi wakubaliane juu ya bei moja kabla ya kuachana, wasiondoke na bei mbili hewani, na bei hiyo ikishafungwa isipande tena hata mteja akichelewa, kwa maana kuongeza deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo riba yenyewe. Masharti hayo tunayaona ya busara kwa yeyote. Mama akimwambia mteja, "Chukua tu, tutaona," amepanda ugomvi wa miezi mitatu.

Sasa kumweleza mteja. Wengi wetu hapa tunafanya kazi hospitalini na nyumba za wazee, na tunajua kwamba mgonjwa anaelezwa kabla ya sindano. Akielezwa baada, hayo si maelezo, ni taarifa. Vivyo hivyo bei ya mkopo isemwe kabla kitambaa hakijakunjwa na kutiwa mfukoni, kwa yuro na si kwa asilimia, na sababu yake itajwe ilivyo. Mama anaweza kusema: "Dada, kitenge hiki ni 90. Ukilipa kwa miezi mitatu ni 99. Yuro mbili ni za kusubiri, saba ni kwa sababu kati ya kumi ninaowakopesha mmoja hanilipi." Mteja akisikia hivyo atauliza swali zuri: "Na mimi unayenijua miaka minane?" Ajiandae kulijibu. Kwa mtu aliyelipa deni lake mara tano bila kukumbushwa, zile yuro saba hazina sababu ya kubaki. Na kama muuzaji anaona haya kuitaja sababu fulani kwa sauti, sehemu hiyo ya bei aitoe.

Kuna ukuta mmoja, na hatupendi mtu augonge bila kujua. Ubelgiji, mfanyabiashara anayemkopesha mtu wa kawaida kwa nyongeza anaweza kuhesabiwa kuwa mkopeshaji chini ya Kitabu cha 7 cha sheria za uchumi, na wakopeshaji wa namna hiyo wanahitaji kibali cha FSMA. Kubadili jina la nyongeza hakusaidii, kwa sababu sheria inalinganisha jumla ya malipo na bei ya taslimu. Anayeuza kama kazi yake na kutaka bei mbili amwone kwanza mhasibu wake. Sheria za Ulaya pia zinaendelea kukazwa: Agizo la 2023/2225, litakaloanza kutumika tarehe 20 Novemba 2026, linagusa hata mipango mingi ya nunua leo ulipe baadaye.

Njia iliyo salama zaidi ni kulipa pole pole kabla ya kuchukua. Mteja analeta 30 kila mwezi, kitenge kinawekwa kando na jina lake, na mwezi wa tatu anakichukua kwa 90 ileile. Hakuna mkopo, kwa hiyo hakuna la kuongeza. Hapa anayesubiri ni mteja, na hatari imehamia kwake: fedha zake ziko kwa muuzaji. Kwa hiyo apewe risiti kila mara, na waandike mapema atarudishiwa kiasi gani akighairi. Kwa anayejua mwezi Machi kwamba harusi ni Juni, njia hii inatosha.

Kwa aliyekwisha kukopa na mwezi wa pili ukamshinda, bei iliyokubaliwa ibaki palepale. Muuzaji aliye mfanyabiashara ajue pia kwamba tangu tarehe 1 Septemba 2023 barua ya kwanza ya kumkumbusha mteja ni ya bure, na lazima asubiri siku 14 kabla ya kudai fidia yoyote. Fidia hiyo haidaiwi kama haikuandikwa katika makubaliano, na kwa deni lisilozidi yuro 150 haivuki yuro 20. Kwa awamu ya yuro 35, hata hizo 20 ni nyingi. Kabla ya barua, piga simu uulize kama amepoteza kazi au ana mgonjwa nyumbani, kisha mgawe ile 35 mara mbili.