Elfu Kumi na Nane Iko Wapi?



Nipo mwaka wa kichungaji kwenye parokia moja ya vijijini hapa Singida, upande wa Ikungi. Kati ya kazi nilizopewa ni kuwasaidia vijana wa VIWAWA. Mwezi wa sita, baada ya kuvuna alizeti ya shamba la kikundi, katibu msaidizi wao aliniletea ripoti. Ni kijana wa miaka 19, amemaliza kidato cha sita, na hii ilikuwa ripoti yake ya kwanza. Aliniambia, "Frateri, naomba uipitie kabla haijasomwa Jumapili kwenye Halmashauri ya Walei." Ilikuwa Jumanne.

Kusema kweli ripoti ilikuwa dhaifu. Kurasa tatu, na ukurasa mzima wa kwanza ni shukrani, kuanzia kwa Baba Paroko hadi kwa dereva wa trekta. Palizi ilifanyika "kwa moyo". Mavuno "yalishuka kidogo kutokana na hali ya hewa". Kwenye matumizi aliandika: kulima shilingi 80,000, mbegu 60,000, palizi 90,000, magunia na usafiri 45,000, jumla 257,000. Ukijumlisha mwenyewe unapata 275,000.

Usiku huo nilichukua kalamu nyekundu nikaandika maoni 17. La kwanza: "Hii si ripoti, ni hotuba ya harusi." Kwenye hali ya hewa niliandika jina la kosa la kimantiki kwa Kilatini, ili ijulikane mtu amesoma falsafa miaka mitatu. Kwenye matumizi: "Elfu kumi na nane iko wapi?" Na mwisho kabisa: "Hukujali. Andika upya." Nikalala vizuri tu, nikijiona nimesema ukweli bila kumbembeleza mtu.

Asubuhi nikayasoma tena kabla ya kumpa, na kilichonisimamisha, mtaniwia radhi, hakikuwa huruma. Lilikuwa ni swali la mtu wa darasani: je, haya niliyoandika ni kweli?

Chukua neno "hukujali". Nilijuaje? Mbele yangu palikuwa na karatasi, hapakuwa na moyo wa mtu. Karatasi inaweza kunionyesha kwamba jumla si sahihi, lakini haiwezi kunionyesha kama aliyeiandika alikuwa mvivu, mwoga, mchovu wa kuvuna, au hakuwahi kufundishwa ripoti inaandikwaje. Nilirukia sababu ambayo sikuwa nimeiona. Na hilo ndilo kosa lile lile nililomwandikia kwa Kilatini kuhusu hali ya hewa! Yeye aliona mavuno yameshuka akakamata mvua, mimi niliona ripoti dhaifu nikakamata tabia yake.

Mara nyingi vijana tunadhani swali ni hili: niseme ukweli au niwe mpole? Kana kwamba ukweli na upole viko kwenye mizani, ukiongeza huku unapunguza kule. Lakini nilipofuta "hukujali" sikupunguza ukweli hata kidogo, nilipunguza uongo. Maoni makali yalikuwa na kasoro ya ukarimu, sawa, ila kabla ya hapo yalikuwa na kasoro ya usahihi.

Nije kwenye hiyo elfu kumi na nane, maana hapo ndipo nilipoona aibu zaidi. Swali langu lilikuwa limeficha shutuma ya wizi. Mtu yeyote wa kijijini akisikia "hela iko wapi" anajua maana yake. Sasa kuna jambo dogo ambalo watunza hesabu wanalijua: namba mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi wakati wa kunakili, tofauti inayopatikana hugawanyika kwa 9 kila mara. Jaribu 75 na 57: tofauti ni 18. Jaribu 41 na 14: 27. Hapa tofauti ni 18,000, ukigawa kwa 9 unapata 2,000 kamili. Yaani kuna kila dalili kwamba kijana aliandika 275 kwenye daftari, halafu pale steshenari kwenye kuchapa ikawa 257. Dalili si uthibitisho, bado risiti lazima zionekane. Lakini nilikuwa na maelezo mawili ya kosa moja, nikachagua lile la aibu bila hata kulipima lile jingine.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anaweka jambo hili karibu na mwanzo kabisa wa kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, namba 22: Mkristo awe mwepesi zaidi kuyapa maneno ya mwenzake maana njema kuliko kuyahukumu, na akishindwa, amuulize mwenyewe alimaanisha nini, na kama kweli amekosea basi amsahihishe kwa upendo. Zamani niliona ni adabu tu ya mafungo. Siku ile niliona ni mpangilio wa kazi: tafuta kwanza maelezo mazuri, kisha uliza, kisha sahihisha. Mimi nilikuwa nimeanza na hatua ya mwisho.

Basi nikaandika upya. Na hapo nikaanguka upande wa pili wa barabara. Rasimu ya pili ilisema hivi: "Hongera sana kwa kazi nzuri, mdogo wangu. Pitia tu hesabu kidogo na uongeze maelezo. Mungu akubariki." Tamu, eeh? Lakini angefanya nini nayo? Apitie hesabu ipi, aongeze maelezo wapi? Na "kazi nzuri" haikuwa kweli. Angekwenda nayo Jumapili akiwa na amani, halafu mzee mmoja mwenye kikokotoo kwenye simu angemsimamisha mbele ya watu wote. Upole wangu ungemkabidhi kwa ukali wa wengine.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anapozungumzia kumsahihisha ndugu katika Suma ya Teolojia (sehemu ya pili ya pili, swali la 33), anatofautisha mambo mawili. Kuna kosa unalolisahihisha kwa sababu linamdhuru mwenyewe, na huko kusahihisha ni tendo la upendo. Na kuna kosa unalolisahihisha kwa sababu linaharibu mali au amani ya wote, na huko ni suala la haki. Yeye anaongelea dhambi, na ripoti mbaya si dhambi, tusichanganye. Lakini tofauti hiyo ilinisaidia kupanga yale maoni 17. Jumla ya hela ni ya wanachama wote, hiyo hailainishwi, inatajwa wazi na inatajwa ya kwanza. Sababu ya mavuno kushuka nayo ni ya wote, kwa kuwa mwakani watalima tena. Urefu wa shukrani, alama za mkato, sentensi zinazozunguka: hayo ni ya kwake, atakua nayo taratibu. Mengi nikayafuta. Yakabaki manne.

La hesabu likawa hivi: "Mistari minne ya matumizi inajumlisha 275,000, wewe umeandika 257,000. Nahisi 7 na 5 zimebadilishana wakati wa kuchapa. Linganisha na risiti leo kabla ya kitu kingine, kisha uniambie umekuta nini." Ona kwamba kosa limetajwa kwa namba kuliko mwanzo. Kilichoondoka ni shutuma peke yake.

La mavuno: "Andika ni magunia mangapi kwa ekari zetu mbili. Ripoti ya mwaka jana inasema 9. Halafu, mlipanda tarehe ngapi, na jirani aliyepakana nasi alipata magunia mangapi?" Sikumwambia kwamba sababu yake ni ya uongo, kwa vile sikujua. Nilimpa njia ya kuipima. Jirani yuko chini ya mawingu yale yale. Kama naye ameshuka kiasi kile kile, mvua inahusika, na kama hakushuka, tutafute kwetu.

La tatu lilikuwa la kutia moyo, na hili lilinichukua muda kuliko yote. Kuna mtindo wa kupaka siagi juu na chini, kosa unaliweka katikati. Shida yake ni kwamba mtu akishazoea, anaposikia sifa tu anaanza kujikunja, anajua fimbo inafuata. Mimi nilirudia kurasa tatu nikitafuta sentensi moja ambayo ningeisifu hata kama nisingekuwa na la kukosoa. Nikaipata ukurasa wa tatu, imejificha chini: palizi siku ya kwanza walikuja watu 14, ya pili 9, ya tatu 6. Nikaandika: "Hapa ndipo nilipoelewa kilichotokea shambani. Namba tatu tu, na nimeona vijana wakipungua. Andika sehemu ya mavuno kwa namna hii hii." Sifa hiyo ni ya kweli, na tena ni maelekezo. Inamwonyesha kwamba anachodaiwa tayari anakiweza, amekifanya mwenyewe mara moja bila kufundishwa na mtu.

La nne lilikuwa dogo, kwamba apandishe mstari huo wa palizi ukurasa wa kwanza.

Sikumtumia kwa simu. Nilimwita pale nyuma ya ofisi ya parokia, tukakaa tukaisoma pamoja. Kama risiti zingeonyesha hela kweli imepungua, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa, na hayo pia ni ya ana kwa ana, wawili tu kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Matayo sura ya 18. Jambo kama hilo haliandikwi pembeni ya karatasi ambayo mtu yeyote anaweza kuiokota.

Alhamisi alikuja na risiti kwenye bahasha. Ilikuwa 275,000. Mavuno: magunia 5. Walipanda tarehe 24 Januari, walikuwa wanasubiri trekta. Jirani alipanda kabla ya Krismasi, akapata magunia 8 kwenye ekari mbili, ingawa kwa kawaida hupata 10. Kwa hiyo mvua ilihusika kweli, hakukosea kabisa, ila sehemu kubwa ilikuwa ni kuchelewa. Aliliona mwenyewe nikiwa bado naangalia karatasi. "Frateri, kumbe trekta."

Jumapili mzee mmoja aliuliza kwa nini tulichelewa kupanda. Kijana akasimama akajibu, akataja tarehe, akapendekeza mwakani kikundi kilipie trekta mwezi wa kumi na moja. Ukurasa wa shukrani aliuacha vile vile, mzima, na dereva wa trekta yumo.