Ndiyo ya Mdomo na Ridhaa ya Moyo

 

Wengi wenu mko katika umri wa kuposa na kuposwa. Mara nyingi tunasikia kijana akimsifu mchumba wake kwa maneno haya: "Hatujawahi kupingana hata siku moja. Kila ninalosema, ananiunga mkono." Watu hushukuru, wakidhani ndoa hiyo imekwisha kupata utulivu kabla ya kufungwa. Leo tujiulize: mtu anayekubaliana nasi katika kila jambo, ametuambia nini hasa kuhusu moyo wake?

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wenye sura ya mambo yanayotokea. Kijana wa Kismayo amemposa binti wa Kibajuni ambaye wazazi wake walitoka kisiwa cha Chula wakakimbilia Mombasa. Wanazungumza mbele ya jamaa zake. Kijana anasema, "Tukioana tutakaa Kismayo, kwetu." Binti anajibu, "Sawa." Baada ya mwezi ami yake kijana anamshauri vingine, naye anarudi na kusema, "Naona bora tukae Mombasa." Binti anajibu, "Ndiyo, bora Mombasa." Kijana anafurahi mara mbili. Lakini majibu hayo mawili hayawezi yote kuwa rai ya binti, kwa kuwa yanapingana. Yanachoonyesha ni kwamba binti anamfuata msemaji. Yeye mwenyewe anataka kukaa wapi, kijana hajui bado, na huenda hajawahi kumuuliza.

Je, binti huyu ni mnafiki? Tusiharakishe. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Kismayo iligombaniwa na makundi yenye silaha kwa miaka mingi. Wabajuni, watu wa bahari na wachache, hawakuwa na jeshi la kuwalinda. Wengi walipanda majahazi na mashua wakakimbilia Lamu na Mombasa, na waliobaki waliishi chini ya mtawala mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyelelewa katika hali hiyo hujifunza mapema kumjibu mwenye bunduki kwa maneno anayotaka kuyasikia. Hiyo si tabia ya kabila. Ni somo la hofu, na mtu yeyote angelijifunza. Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika Suratun Nahl aya ya 106, amemtoa lawamani aliyelazimishwa kutamka neno la kufuru na hali moyo wake umetulia katika imani. Basi ulimi kuachana na moyo si lazima uwe unafiki. Hatari ni pale ulinzi uliofaa mbele ya adui unapoingizwa ndani ya nyumba, mume akajibiwa kama alivyojibiwa mwenye silaha, naye asijue.

Zipo "ndiyo" za namna nyingine pia. Ipo ya haya. Ipo ya tamaa: mposaji anayesema anapenda mke msomi kwa sababu tu amesikia mchumba anataka kusoma. Hii ya mwisho ndiyo inayokaribia udanganyifu, na mara nyingi msemaji wake ni mwanamume.

Huenda mtu akasema: mbona sheria yetu imekubali hata kimya kuwa ridhaa? Kweli, katika hadithi sahihi Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba mwanamwali aombwe idhini, na idhini yake ni kunyamaza kwake. Lakini tuutazame mpaka wa hukumu hiyo. Kwanza, lazima aulizwe. Kimya cha asiyeulizwa si jibu. Pili, sababu yake ni haya ya mwanamwali. Mwanamke aliyekwisha kuolewa hatoshelezwi na kimya; ni lazima atamke. Tatu, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, wamesema kwamba akilia huku akipiga kelele na kujipiga mashavu, kimya chake hakihesabiwi tena, kwa sababu hali yake imeonyesha kutoridhika. Kwa hiyo hata pale kimya kilipokubaliwa, wanazuoni walitazama dalili za moyo. Na alipokuja Khansaa bint Khidam, ambaye baba yake alimwoza bila ridhaa yake naye alikwisha kuolewa kabla, Mtume (s.a.w.) aliivunja ndoa ile.

Sasa tazameni jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoishi na wakeze. Alimwambia Bi Aisha (r.a.) kwamba anajua anapokuwa radhi naye na anapokuwa na hasira. Akiwa radhi, huapa kwa Mola wa Muhammad. Akiwa na hasira, huapa kwa Mola wa Ibrahim. Bi Aisha akakiri, akasema haachi ila jina lake tu. Alisikiliza hata kiapo kilivyobadilika, na wala hakumkemea kwa kukasirika. Na Bariira, alipoachwa huru akachagua kutengana na mumewe Mughiith, Mtume (s.a.w.) alimwombea mume yule. Bariira akauliza kama ile ni amri. Alipojibiwa kuwa ni maombezi tu, akasema hana haja naye. Hakulaumiwa. Aliweza kusema "hapana" kwa sababu alijua wazi kuwa mlango wa "hapana" uko wazi.

Hapa ndipo kazi yetu ilipo. Nahodha wa mashua hukaa tezi ameshika usukani, na tanga humfunika asione mbele. Humweka mtu omo amwambie mwamba uko wapi. Mtu huyo akizoea kusema "maji ni mengi" kwa sababu nahodha hukasirika akiambiwa vingine, chombo kitapanda mwamba, na makosa hayatakuwa ya mtu wa omo peke yake.

Basi kijana wetu afanye nini? Asimtege binti kwa maswali ya hila, wala asipekue simu yake. Suratul Hujurat aya ya 12 imekataza upelelezi. Aulize kabla hajatoa rai yake: "Wewe unaonaje, tukae wapi, na kwa nini?" Rai ya kweli huja na sababu zake, na mara nyingi na sharti: "Kismayo ni sawa, lakini nimalize masomo kwanza." Kukubali kusiko na sababu wala sharti, na kunakogeuka kila msemaji anapogeuka, ni dalili kwamba moyo haujasema. Amwachie siku kadhaa, na amruhusu apeleke jibu kupitia mama au shangazi. Kisha siku atakapopingwa kwa mara ya kwanza, ajitazame yeye mwenyewe. Akinuna siku hiyo, amekwisha kumfundisha mwenzake kurudi kwenye "sawa".

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Jambo dogo la nyumbani limewekewa vyote viwili, na ushauri hauwezi kuwa wa mtu mmoja na mwangwi wake.

Ewe Mola wetu, tujaalie wenza wanaotwambia kweli, na utupe vifua vya kuipokea. Amin. Wallahu a'lam.