Usiseme Uko kwa Dawa

Andiko la juma: Yeremia 35

Baada ya ibada ya Jumapili iliyopita, ndugu mmoja alinivuta kando akaniuliza: "Pasta, kazini wananilazimisha kunywa. Nikiwaambia niko kwa dawa, hiyo ni dhambi?" Nilicheka kidogo, kwa sababu uongo huo naujua. Nimeutumia mwenyewe.

Kazi yangu ya kwanza baada ya digrii ya biashara ilikuwa ya mauzo, hapa Nairobi. Mwisho wa mwezi, mshahara ukishaingia, timu yote ilikuwa inaenda kula nyama choma, na bosi alikuwa anakuja pia. Hiyo siku ya kwanza chupa iliwekwa mbele yangu kabla sijaitisha chochote. Macho yote yalinigeukia. Nilikuwa nimeokoka tangu kidato cha tatu, lakini mdomo wangu ulisema, "Samahani, niko kwa dawa."

Ilifanya kazi vizuri sana. Mwezi uliofuata nikasema hivyo hivyo. Mwezi wa tatu pia. Lakini hakuna dawa ya koo inayomezwa miezi mitatu, na watu wanajua kuhesabu. Ofisini maneno yakaanza kutembea chini chini. Dada mmoja wa mapokezi, mtu mwenye roho nzuri, aliniita kando akaniambia kwa upole kwamba siku hizi watu wanaishi miaka mingi na hali hiyo, bora tu wasiruke dawa. Nilielewa alichomaanisha. Nilimshukuru nikaenda zangu, na aibu niliyosikia siku hiyo sijaisahau.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Kulikuwa na mzee mmoja wa idara ya hesabu ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Siku yangu ya mwisho pale aliniambia, "Kijana, nilikuwa nataka kuacha. Nikakuangalia, nikasema huyu ameacha kwa sababu ya ugonjwa. Kama ningejua hunywi tu, ningekaa karibu na wewe."

Wapendwa, nilidhani uongo wangu haumdhuru mtu. Kumbe ulikuwa umemnyima mtu kiti.

Sasa tuangalie Warekabi. Nabii Yeremia aliwaingiza katika chumba cha hekalu, akaweka mbele yao mabakuli yaliyojaa divai, na vikombe, akawaambia wanywe. Fikiria uzito wa hiyo nafasi. Anayekukaribisha si bosi tu, ni nabii. Mahali si baa, ni nyumba ya Mungu. Kama kuna siku mtu angepata kisingizio cha kunywa, ni hiyo.

Walijibu kwamba hawanywi, kwa sababu baba yao Yonadabu mwana wa Rekabu aliwaagiza wasinywe. Yonadabu huyo aliishi zamani za mfalme Yehu, zaidi ya miaka 200 kabla yao. Hawakusema tumbo linauma. Hawakumhubiria Yeremia juu ya ubaya wa divai, wala hawakukataa mwaliko wake. Waliingia chumbani, wakakaa, wakakataa kikombe, wakatoa sababu ya kweli. Na angalia Mungu anachosifu katika sura hiyo: uaminifu wao kwa neno waliloshika.

Hapo ndipo ninaposimama juu ya swali la ndugu yetu. Kukataa glasi ni jambo moja, na kukataa watu ni jambo lingine. Paulo katika 1 Wakorintho 10 anakubali kwamba asiyeamini anaweza kukualika nawe ukapenda kwenda. Basi ukienda, nenda na ukweli wako. Sentensi moja inatosha: "Asante, mimi sinywi pombe. Niletee soda." Iseme mara ya kwanza kabisa, kwa sababu mara ya kwanza watu wanauliza tu. Ukishadanganya mara tatu, ya nne itabidi uungame.

Halafu kuna mambo ya meza ambayo walokole wengi hatuambiwi. Pale watu wananunuliana kwa raundi, raundi ni deni. Ukikubali soda kwa raundi ya mwenzako, zamu yako ikifika utatarajiwa kununulia meza nzima, na meza nzima haitaki soda. Ndipo unajikuta umelipia bia kumi huku dhamiri inakusuta. Kwa hivyo mwambie mhudumu tangu mwanzo akuandikie bili yako kando, kisha changa fungu lako la nyama bila kulalamika. Ukinyamaza, bili itagawanywa sawa. Watu 10, bili 20,000, kila mtu 2,000, na wewe ulikunywa soda mbili. Utaenda nyumbani umekasirikia watu ambao hawajui wamekukosea nini.

Tena, fika mapema na uondoke mapema. Mazungumzo ya maana, yale ya kazi na ya kujuana, huwa yako saa ya kwanza wakati nyama inakatwa. Baada ya raundi ya nne hakuna anayekumbuka ulikuwepo au hukuwepo.

Sitawadanganya kwamba hakuna gharama. Kuna ofisi ambazo wateja wanagawanywa usiku, na asiyekunywa anasikia habari Jumatatu zikiwa zimepoa. Mimi kuna akaunti niliyoikosa hivyo. Warekabi nao walikuwa wanaishi hemani, bila shamba la mizabibu, kwa sababu ya neno lilelile. Neno ulilolishika likiwa na bei, lipa, usitafute risiti ya uongo.

Lakini kuna uongo wa pili, nao umevaa nguo za kanisa. Wakati mwingine mtu hataki kwenda kwa sababu amechoka, au hawapendi wale watu, au anataka kufika kwa watoto kabla hawajalala. Hizo ni sababu halali kabisa. Lakini badala ya kuzisema, anasema, "Mimi nimeokoka, siwezi kuja." Hapo amelitumia jina la Bwana kufunika uchovu wake, na wenzake wanabaki wakiamini kwamba Yesu hataki kukaa nao. Yule Yesu aliyesemwa vibaya kwa sababu ya watu aliokula nao! Kama umechoka, sema umechoka.

Na kama wewe Bwana alikutoa kwenye pombe, na harufu yake bado inakuita, neno langu kwako ni tofauti: usiende. Hakuna nyama choma ya thamani hiyo. Waambie ukweli, kwamba uliacha na hutaki kujijaribu. Ukialikwa chakula cha mchana, nenda kwa furaha.

Ndugu aliyeniuliza alirudi Jumatano kwenye maombi. Alikuwa amewaambia. Mmoja alimcheka, bosi alinyamaza, na kijana mpya aliyekaa mwisho wa meza akamwambia mhudumu, "Hata mimi niletee soda."

Swali la kutafakari juma hili: kazini kwako, ni nani anayesubiri kusikia sababu yako ya kweli ndipo apate mahali pa kukaa?

Bwana awape ujasiri wa sentensi moja. Amina.