Mwenye Kuuliza na Mwenye Kuulizwa

Liko swali ambalo wengi wetu tumekutana nalo vijijini. Mtu akienda kwa mzee kumwuliza habari za matambiko ya wafu, na mzee akamfunulia, je, huyo aliyeuliza amepewa kitu gani, na yampasa kukitumiaje? Maana kijana wa chuo huja na daftari, mwalimu wa dini huja na mafundisho yake, karani wa serikali huja na sheria. Bali mzee aulizwaye ni yule yule mmoja. Twataka kulitazama neno hili kwa habari iliyotokea kweli katika nchi hizi zetu za Nyanda za Juu za Kusini.

Mwaka 1934 kijana mmoja Mwingereza, jina lake Godfrey Wilson, umri wake miaka 26, alifika Unyakyusa, katika Rungwe ambayo leo imo katika Mkoa wa Mbeya. Mwaka uliofuata akaja mkewe Monica, aliyekuwa binti wa wamisionari wa Lovedale kule Afrika Kusini. Wakafanya kazi huko mpaka mwaka 1938, wakichunguza desturi za watu. Walijifunza Kinyakyusa, wakamchukua Leonard Mwaisumo, mwenyeji wa nchi, awe karani na msaidizi wao. Walihudhuria mazishi, wakaona wanawake wakilia na vijana wakicheza kwa mikuki, ndipo wakauliza maana yake. Miongoni mwa wazee waliozungumza nao sana alikuwamo Kasitile, mganga wa mvua, mtu aliyetoa sadaka kwa ajili ya nchi.

Basi kwanza tutafakari jambo la kuaminiana. Mzee wa siku zile alikuwa na sababu gani ya kumficha mgeni neno? Sababu zilikuwa nyingi. Wamisionari walikuwa wamefika tangu mwaka 1891, wa Moravian pale Rungwe na wa Kilutheri pia. Na mara nyingi mzee alipoulizwa habari za wafu, swali lilifuatwa na kukatazwa. Tena mwaka 1928 serikali ya Tanganyika ilikuwa imetoa sheria ya uchawi, naye mzee hakuweza kujua kama mgeni angetofautisha tambiko na uchawi.

Kwa Wahehe wa Iringa jambo lilikuwa zito zaidi. Mtemi wao Mkwawa alipokufa mwaka 1898, Wadachi walichukua kichwa chake. Katika mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 iliandikwa kwamba fuvu lake lirudishwe, lakini halikurudi Kalenga mpaka mwaka 1954. Mtu ambaye mkuu wake amechukuliwa hivyo, ukimwuliza kaburi la mababu liko wapi na nani hutambika hapo, hasikii swali la elimu tu. Asikia na sauti ya boma. Wala hakukosea kabisa. Mwaka 1935 kilichapwa kitabu cha Gordon Brown, mtaalamu wa desturi, pamoja na Bruce Hutt, mtawala katika Iringa. Wawili hao walijaribu kazi ya namna hii: mtawala auliza, mtaalamu achunguza na kumletea jibu. Walipatana kwamba mtaalamu atasema yaliyo kweli tu, na kuamua ni kazi ya mtawala. Mapatano hayo yalikuwa safi kati yao wawili. Lakini mzee, ambaye neno lilitoka kinywani mwake, hakuwa mmoja wa waliopatana.

Mzee asiyemwamini mgeni si lazima akatae kusema. Mara nyingi husema sana. Utamtambua kwa dalili hizi: kila jambo alisema ni la watu wa zamani, hata kama majivu ya tambiko yangali ya moto, kila swali alijibu ndiyo, na akizungumza na Mkristo hutumia maneno ya Wakristo, akiwaita wazimu mashetani kabla hajaulizwa. Jibu la namna hiyo ni adabu ya kumpokea mgeni, si habari. Kwa hiyo mwenye kuuliza vizuri haulizi, “Ninyi hufanya nini?” Huuliza habari ya siku moja: mtoto fulani alipougua, nani aliitwa, alisema nini, na ng'ombe alitoka zizi la nani. Kisha humwuliza mwingine aliyekuwapo.

Jambo la pili ni tafsiri, nalo ni gumu hata pale ambapo imani imekwisha kuwapo. Tuchukue mfano mmoja wa Wanyakyusa. Mtoto ni mgonjwa. Mzee wa ukoo aja, asema maneno, kisha apuliza maji kutoka kinywani. Mgeni akiandika alichokiona tu, ataandika kwamba mzee alitema maji, na msomaji atadhani ni dawa, au ni matusi. Lakini wenyewe walipoulizwa walieleza hivi: hasira ya mzee ikikaa kimya moyoni, wafu wa ukoo huisikia, na mtoto huugua. Haitoshi mzee anyamaze. Sharti aitoe hasira yake kwa kusema mbele ya watu, na maji yatokayo kinywani ni ishara kwamba hasira nayo imetoka. Akipuliza maji huku moyo ungali na uchungu, hakuna kilichofanyika.

Hapo majaribu mawili humjia mwandishi. La kwanza ni kusema, “Huku ni kuabudu wafu,” akafunga daftari. Naye amepoteza lile ambalo mzee aliliona kuwa kiini, yaani moyo uliofunguliwa. La pili ni kusema, “Hii ndiyo toba yetu,” akafurahi. Naye amewafuta wafu ambao mzee aliwaogopa kweli, na ambao bila wao neno zima halina maana. Mkristo aweza kuanguka upande huu au ule, kwa kuwa pande zote mbili zampa maneno aliyoyazoea. Monica Wilson aliandika mwaka 1954 akiwalaumu wataalamu waliokisia maana za ishara za watu wengine. Yeye alishika kwamba maana watoayo wenyewe iandikwe kwanza, na fikira za mchunguzi zitengwe nayo, ili msomaji aweze kuona nani anasema. Twaona kanuni hiyo ni ya haki: tafsiri ya mgeni yaweza kuwa na akili, lakini isivae nguo za mzee.

Lakini hata hayo yakitimizwa, deni halijaisha. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica alivitoa vitabu vya matambiko ya Wanyakyusa mwaka 1957 na 1959, kwa Kiingereza, na jina la Kasitile limo. Daftari zao zilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Hivyo maneno yaliyosemwa katika Rungwe kwa rafiki mmoja yalifikia watu ambao mzee hakuwajua, katika lugha ambayo wengi wa wajukuu wake hawakuisoma. Bila vitabu hivyo mengi yangalipotea. Hilo ni kweli, wala hatulidharau. Ila ruhusa aliyopewa rafiki si ruhusa ya kitabu. Kwa hiyo kijana wa leo aendaye kwa mzee amwambie kabla ya swali la kwanza neno lake litakwenda wapi, amsomee aliloandika kwa lugha yake, na pale mzee asemapo, “Hili ni lako tu,” aweke kalamu chini.