Meneja Akikuamuru Utie Sahihi

Msikilizaji wa Mowlem unayeelekea kwenye usaili wa kazi ya stoo, huenda ukaulizwa hivi: meneja akikuamuru utie sahihi kwamba magunia 100 yamepokelewa, ilhali umehesabu 80, utafanyaje? Wengi hujibu upesi kwamba wangekataa. Ni jibu la kweli, ila ni fupi mno, kwa sababu jopo linataka kusikia hatua. Anza kwa kuuliza, maana huenda magunia 20 yako njiani. Kisha sema ungeandika 80 kwenye hati ya kupokea mizigo, umtumie meneja ujumbe wa kuthibitisha hesabu hiyo, na akishikilia amri yake, umfikie mkaguzi wa ndani.

Kuna atakayesema ukweli hufukuzisha watu kazi, na hoja hiyo ina uzito. David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya, alisaidia kufichua malipo ya Goldenberg; alikamatwa, akafutwa kazi, akafariki 2006 akiwa maskini. Sheria ya Hongo ya 2016 sasa inawalinda watoa habari za hongo, ingawa ulinzi wa karatasi haulipi kodi ya nyumba. Lakini anayetii naye hayuko salama. Magunia yakitafutwa, sahihi ni yake, na meneja aliyeamuru kwa mdomo atakana. Ndiyo sababu ule ujumbe wa maandishi ndio kiini cha jibu lako. Ukitoa mfano wa kazi uliyotoka, usimtaje bosi wako wa zamani kwa jina.