Mraba wa Pili

Kama unasimamia watu, chukua karatasi uigawe miraba minne: mambo ya haraka na muhimu, muhimu yasiyo ya haraka, ya haraka yasiyo muhimu, na yasiyo haya wala yale. Kisha panga humo kazi zako za jana.

Tumtazame meneja wa ghala. Gari limeharibika njiani likiwa na dawa za hospitali: huo ni mraba wa kwanza, alishughulikie sasa. Kumfundisha msaidizi wake na kupanga mzigo wa mwezi ujao ni mraba wa pili. Hakuna anayepiga simu kuyadai, ndiyo maana huahirishwa. Kinachoyameza ni mraba wa tatu: kila saa mtu anaomba saini ya kununua kamba au karatasi.

Basi atenge saa moja Jumanne, amfundishe msaidizi kuidhinisha manunuzi madogo, kwa kiwango walichokubaliana. Baada ya hapo saini nyingi hazitamfikia. Dharura ya kweli ikiangukia Jumanne, kikao kihamie Jumatano, kisifutwe. Kikifutwa mara mbili mfululizo, jua mraba wa tatu umerudi. Leo, kabla ya kusoma ujumbe wowote, iandike saa yako ya mraba wa pili kwenye kalenda.