"Pole" na "Nisamehe" Si Neno Moja

Kuna swali ambalo wenzi wa ndoa wameniletea zaidi ya mara moja. Mara nyingi ni mume anayeliuliza, ingawa wake pia husahau, tusidanganyane. Swali lenyewe ni hili: mtu atalaumiwaje kwa kusahau? Hakuna anayeamka asubuhi akapanga kusahau siku ya ndoa yake. Sasa kama sikukusudia, naomba msamaha wa nini?

Silichukui kama swali la ujanja. Ni kweli kwamba kosa la kukusudia na kosa la kutokusudia hayana uzito mmoja. Lakini soma Mambo ya Walawi sura ya 4. Pale mtu aliyekosa bila kujua, siku anapojua, analeta sadaka yake. Haambiwi kwamba kwa kuwa hakukusudia, basi hana la kuleta. Jambo lilitendeka, na lilitendwa na yeye.

Nitawapa mfano wa ndugu mmoja na mkewe. Wameniruhusu niusimulie, na majina nimeyaacha. Ndugu huyu ana saiba. Walifunga ndoa tarehe 30 Juni, na kila Mkenya mwenye PIN ya KRA anaijua tarehe hiyo. Ndiyo siku ya mwisho ya kujaza ritani, na ukichelewa unaanza na faini ya shilingi 2,000. Siku hiyo saiba yake ilikuwa na foleni mpaka barabarani. Hakula chakula cha mchana. Alifika nyumbani saa nne usiku, akauliza kama kuna chakula, akala, akalala. Mkewe alikuwa amepika pilau na kuvaa ile gauni ya kijani. Hakusema neno.

Asubuhi ndugu yetu aliona picha ya harusi yao kwenye stetasi ya mkewe, ya jana. Akatuma meseji: "Pole mpenzi, unajua vile kazi ilikuwa jana."

Tusimame hapo kwa meseji hiyo, kwa maana karibu kila mtu ameandika inayofanana nayo. Kila kitu ndani yake ni kweli. Kazi ilikuwepo, na mke aliijua. Lakini "pole" ni neno tunalompa mtu aliyenyeshewa, aliyefiwa, aliyejikwaa mawe. Linasema umepatwa na jambo baya na ninakuhurumia. Halisemi ni nani aliyelileta. "Nisamehe" lina mwenyewe ndani yake: kuna nililotenda, nawe ndiwe unayeweza kuniachilia. Najua mtaani tunayachanganya maneno haya, na si neno tu linalomwokoa mtu. Lakini "pole" likifuatwa na "kazi", mume amejiweka kando kabisa. Inakuwa kana kwamba kazi ndiyo iliyomkosea mke, naye mume ni jirani aliyekuja kumpa pole.

Mkewe alijibu kwa sentensi moja, na sijapata mhubiri aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko yeye: "Siku nzima ulikuwa ukiiandika hiyo tarehe."

Hapo ndipo swali la kusahau linapojibiwa. Hakuisahau tarehe. Alikuwa akiitaja kwa kila mteja. Alichosahau ni kwamba tarehe hiyo ina mtu mwingine ndani yake. Na ilikuwa rahisi kusahau kwa sababu KRA wana faini, na mkewe hana. Mtu hachagui kusahau dakika ile anaposahau, lakini huchagua mapema ni mambo gani atayawekea ulinzi. Kwa wateja alikuwa ameongeza kompyuta moja na kumwita kijana wa kumsaidia. Kwa mkewe hakuwa ameandaa chochote.

Aliposoma jibu hilo alishtuka, akaruka upande wa pili. Jioni alikuja na keki, alikuwa ametuma shilingi 5,000 kwa M-Pesa, akapiga magoti sebuleni akilia: "Mimi ni mtu bure, hukustahili mume kama mimi." Mkewe akajikuta anamwinua, anampangusa machozi, anamwambia yeye si mtu bure. Usiku ule dada huyu alikasirika kuliko siku ya kwanza, na alishindwa kueleza ni kwa nini.

Mimi naona sababu ni hii. Aliyekosewa ndiye aliyepewa kazi ya kufariji. Sentensi "mimi ni mtu bure" inaonekana ni unyenyekevu, lakini imetegwa: jibu lake la adabu ni moja tu, "hapana, si hivyo." Hata Sauli katika 1 Samweli 15 alianza kwa kutupia watu lawama, kisha alipobanwa akakiri, na papo hapo akamsihi Samweli amheshimu mbele ya wazee. Shida yake ilikuwa bado ni Sauli. Daudi mbele ya Nathani alisema maneno machache sana.

Mimi nilisomea biashara, mnisamehe mfano huu. Deni baya hufutwa kwenye vitabu vya aliyekopesha. Mdaiwa hawezi kulifuta kwenye vyake, hata akilia namna gani.

Ndugu aliponijia nilimwomba aniambie alichofanya, bila neno "kazi" na bila neno "bure". Ilimchukua muda. Mwishowe alirudi nyumbani na maneno haya: "Jumatatu ilikuwa siku yetu. Nilisahau. Ulipika, ukanisubiri mpaka saa nne, nami nikaingia nikauliza chakula kama siku yoyote. Nisamehe." Akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda karibu, aliniambia, kwa sababu "lakini" ilikuwa imefika mdomoni.

Je, sababu haina nafasi kabisa? Inayo. Kama ulikuwa hospitalini na mama mgonjwa, hicho ni kitu mwenzako anapaswa kujua, na kukificha ni kumnyima haki ya kukuelewa. Hata foleni ya saiba si siri. Kipimo ninachotumia ni kujiuliza: nikiieleza sababu hii, naye akabaki na hasira ileile, nitaona nimedhulumiwa? Kama ndiyo, basi niliileta kama malipo. Afadhali ingoje mpaka mwenzako aiulize.

Kuhusu simu: wako wanaosema kwamba ukikumbushwa na simu, hayo si mapenzi. Sikubaliani nao. Anayeweka kengele ya simu ameshakumbuka, siku ile anapoiweka. Ila iweke wiki moja kabla, maana kengele inayolia tarehe 30 yenyewe, saa tano, foleni ikiwa mpaka barabarani, haitamsaidia mtu. Ndugu yetu ameiweka tarehe 23.

Siku ile mkewe alimsikiliza, akasema "nimesikia", akaendelea kuosha vyombo. Jumatano hakuna kitu, Alhamisi hakuna kitu. Ndugu akanipigia: "Pasta, nimrudie tena?" Nikamwambia hapana, ameshasikia, muda sasa ni wa mkewe. Jumamosi walikuwa wanakunja nguo za watoto, mkewe akauliza bila kumtazama, "Kwani siku hiyo mlikuwa na wateja wangapi?" Akamwambia walipita mia. Akamweleza na habari ya mzee mmoja aliyesahau nywila yake mara nne, na dada akacheka.